Kadi ya Kujipima kwa Watoto wa Miaka Saba: Mwongozo Kamili wa Kuitengeneza na Kuitumia

Walimu wengi wa madarasa ya chini hunionyesha kadi ileile. Ina nyuso tatu, mmoja unacheka, mmoja umetulia na mmoja umenuna, na pembeni yake pameandikwa: "Kazi yangu ni nzuri", "Nimejitahidi", "Mwandiko wangu unapendeza". Darasa zima limepewa kadi hiyo, na darasa zima limepaka rangi uso unaocheka. Mwalimu anahitimisha kwamba watoto wa umri huu hawawezi kujipima.

Wanaweza. Kinachowashinda ni swali waliloulizwa. Ukimwuliza mtoto wa miaka saba kama kazi yake ni nzuri, atakujibu kama anaipenda, kama ilimchosha, au kama anatamani wewe uifurahie. Lakini ukimwambia, "Nionyeshe nukta zako," anashusha kidole kwenye daftari na kuanza kutafuta. Kujipima kunaanza pale kidole kinapotua.

Mwongozo huu wote umesimama juu ya kanuni hiyo moja: usiweke kwenye kadi jambo ambalo mtoto hawezi kuligusa kwa kidole kwenye kazi yake mwenyewe. Nitafuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho, yaani kuandika sentensi tatu kuhusu mnyama unayemjua, kisha nitaonyesha jinsi ya kuigeuza kadi hiyo itumike kwa mchoro.

## Vifaa

- Karatasi mbili za manila na maka peni nyeusi. Moja ni ya kadi kubwa ya ukutani, nyingine ni ya sampuli.
- Daftari na penseli ya kila mtoto.
- Penseli moja ya rangi kwa kila mtoto, ya bluu au kijani. Epuka nyekundu, kwa sababu watoto wameshazoea kwamba nyekundu ni kalamu ya mwalimu ya kukosoa.
- Vizibo vya soda vichache vya kuchorea duara.

Huhitaji kutoa kopi. Mtoto anaweka kizibo chini ya kazi yake na kukizungushia penseli mahali patatu, na hapo amepata kadi yake. Nimependa njia hii kuliko vikaratasi vya kugawa kwa sababu tathmini inabaki kwenye ukurasa uleule wa kazi, haipotei wala haiachani nayo.

Tenga vipindi vitatu vya dakika 30 kwa mara ya kwanza. Watoto wakishazoea, kujipima kwenyewe huchukua kama dakika kumi.

## Hatua ya 1: Chagua kazi moja na mambo matatu tu

Kadi moja ya kutumika kwa kila kazi haimsaidii mtoto. "Insha" ni pana mno, lakini "sentensi tatu kuhusu mnyama unayemjua" inatosha. Kazi ikiwa nyembamba, unaweza kusema waziwazi nini kitafutwe ndani yake.

Kwa kazi hii mambo matatu ni haya: mtoto ameeleza nini kuhusu mnyama, ameweka nukta, na ameanza sentensi kwa herufi kubwa. Usizidishe. Mtoto wa miaka saba akipewa mambo sita, anayasahau ya mwanzo kabla hajafika ya mwisho, na anaishia kupaka rangi tu ili amalize.

Chagua yale uliyokwisha kuyafundisha na ambayo darasa limeanza kuyashika. Kadi humkumbusha mtoto anachokijua, haiwezi kumfundisha asichokijua. Hapa walimu wengi huteleza kwenye nafasi kati ya maneno. Wanaandika: "Kidole changu kinaingia kati ya maneno." Inaonekana inafaa, maana kidole kipo. Lakini tazama mtoto aliyeandika "ana kula" au "nime mwona". Nafasi zake zinatosha kidole, kwa hiyo atajipa alama kamili na huku amelikata neno katikati. Na aliyeandika "nikuku" hajui kwamba hapo palistahili nafasi. Hawa wote hawajui neno linaishia wapi, na hilo linahitaji somo lake kabla halijaingia kwenye kadi.

Utajua umechagua vyema ukichukua madaftari matano ya watoto wako na kukuta kwamba kwa kila jambo kuna waliolifikia, kuna walio njiani. Kama wote wamelifikia, jambo hilo halina kazi kwenye kadi. Kama hakuna hata mmoja, rudi ukalifundishe.

## Hatua ya 2: Yaandike kwa mdomo wa mtoto

Andika kwa nafsi ya kwanza, kwa maneno ambayo mtoto anayatamka mwenyewe:

1. Nimesema mambo matatu kuhusu mnyama wangu.
2. Kila sentensi yangu ina nukta mwishoni.
3. Kila sentensi yangu inaanza kwa herufi kubwa.

La pili na la tatu ni rahisi kuligusa. La kwanza ndilo lenye maudhui, na ndilo litakaloleta ubishi, kwa hiyo lishughulikie mapema.

"Jambo" ni nini? Mtoto ataandika "Kuku wetu ni mzuri. Nampenda. Anapendeza." Kwake hayo ni mambo matatu, na ana haki ya kudhani hivyo mpaka uwe umempa kipimo. Kipimo kinachofanya kazi kwa umri huu ni swali moja: naweza kukichora? Manyoya mekundu yanachorwa. Vifaranga wanne wanachorwa. Kulala juu ya mpera kunachorwa. "Mzuri" haichorwi, kwa sababu hujui penseli uianzie wapi.

Swali hili lina faida ambayo orodha ya "taja rangi, taja ukubwa, taja chakula" haina. Orodha humfanya mtoto ajaze nafasi, na madaftari yote yanafanana. Swali la kuchora linamrudisha kwa mnyama wake mwenyewe amwangalie.

Ondoa maneno yote ya sifa kwenye kadi: vizuri, safi, inapendeza, kwa bidii. Bidii hasa ni mtego. Mtoto aliyefuta mara nne anaona amefanya bidii, na kweli amefanya, lakini bidii haimwambii nini kinakosekana kwenye ukurasa.

Hakiki: wasomee sentensi zako watoto wawili au watatu na waambie wakueleze kila moja inawataka wafanye nini. Wakianza kusema "inamaanisha uandike vizuri," badilisha maneno yako.

## Hatua ya 3: Weka duara badala ya nyuso

Kila jambo liwe na duara moja. Mtoto analiacha tupu, analijaza nusu, au analijaza lote. Kadi ya ukutani inakuwa hivi:

| Ninachotafuta | Duara tupu | Duara nusu | Duara lote |
|---|---|---|---|
| Mambo | Hakuna ninaloweza kulichora | Naweza kuchora moja au mawili | Naweza kuchora matatu au zaidi |
| Nukta | Sijaweka nukta | Baadhi ya sentensi zina nukta | Kila sentensi ina nukta |
| Herufi kubwa | Hakuna sentensi inayoanza kwa herufi kubwa | Baadhi zinaanza kwa herufi kubwa | Kila sentensi inaanza kwa herufi kubwa |

Kando ya kila neno chora alama ndogo: jicho kwa "Mambo", nukta nene kwa "Nukta", na "A" kubwa kwa "Herufi kubwa". Wapo watoto watakaoifuata alama kabla hawajaweza kusoma mstari mzima.

Sababu ya duara ni kwamba halina hasira wala furaha. Uso ulionuna unamwambia mtoto kwamba yeye mwenyewe ni mbaya, na hakuna atakayejipa kwa hiari yake. Duara nusu linasema tu kwamba kazi haijaisha. Nyota nazo zina shida yake, kwa sababu tayari ni zawadi, na mtoto atazikusanya.

Kama unafundisha Kenya, unavijua viwango vinne vya kuripoti: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na mbali na matarajio. Hivyo ni vya kumbukumbu zako na ripoti ya mzazi. Usimshushie mtoto wa Gredi ya 2 rubriki hiyo ilivyo. Viwango vitatu anaweza kuvitenganisha kwa macho: hakuna, baadhi, vyote. Cha nne kinamtaka apime ni kiasi gani amevuka, na hilo bado halimo kwenye uwezo wake.

## Hatua ya 4: Pimeni sampuli kabla ya kupima kazi zao

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ikirukwa kadi yote inakufa. Mtoto hawezi kuona "baadhi" kwenye kazi yake kama hajawahi kuiona kwenye kazi ya mwingine.

Tunga sampuli tatu wewe mwenyewe na uziandike kwa maandishi makubwa ya kusomeka kwenye manila. Usitumie kazi ya mtoto wa darasa hilo hata ukificha jina. Mwandiko wake unajulikana na wenzake wote, na aliyetumika kama mfano mbaya hatasahau. Hizi ni zangu, zichukue ukipenda:

> Ya kwanza: kuku wetu ni mzuri nampenda sana
>
> Ya pili: Kuku wetu ni mwekundu. ana vifaranga anapendeza
>
> Ya tatu: Kuku wetu ana manyoya mekundu. Ana vifaranga wanne. Jioni analala juu ya mpera.

Anza na ya tatu, ili waone kazi iliyokamilika ikoje. Kisha nenda ya kwanza. Acha ya pili iwe ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayofundisha zaidi.

Chukua jambo moja tu kwa wakati. Sema kwa sauti unachofanya: "Natafuta nukta. Hapa ipo, naizungushia. Nasoma tena: ana vifaranga… sauti yangu imetua, lakini nukta siioni. Kwa hiyo baadhi zina nukta. Najaza nusu." Watoto wanapaswa kukuona ukitafuta kwanza na kujaza duara baadaye. Ukijaza duara kwanza, watakuiga.

Kwenye sampuli ya pili, waulize kama "anapendeza" ni jambo. Waache wabishane. Yupo atakayesema anaweza kumchora kuku anayependeza. Mwite aje ubaoni amchore, kisha uliza darasa: "Ni nini kwenye mchoro kinachotuonyesha anapendeza?" Watasema mkia mrefu, au rangi. Waambie basi hilo ndilo neno lililotakiwa kuandikwa.

Utajua wameelewa ukiuliza duara lijazwe kiasi gani na wengi wao wakajibu kwa "kwa sababu", huku wakionyesha mahali kwenye manila. Wakitaja tu "nusu!" kwa kwaya, bado wanakusoma uso wako. Chukua sampuli nyingine.

## Hatua ya 5: Waandike, kisha funga madaftari

Kabla hawajaandika, someni kadi ya ukutani pamoja. Si siri, mtoto anatakiwa ajue kinachotafutwa kabla ya kuanza.

Wakimaliza, usiwaambie wajipime palepale. Mtoto aliyetoka kuandika anasoma kilichomo kichwani mwake, hasomi kilichomo kwenye karatasi. Nukta aliyokusudia kuiweka anaiona ipo. Fungeni madaftari, wakacheze, na kujipima kufanyike baada ya mapumziko au kesho yake asubuhi. Mimi huchagua kesho yake kila ratiba inaporuhusu, kwa sababu makosa ambayo jana hawakuyaona wanayashtukia wenyewe.

## Hatua ya 6: Kutafuta kwanza, duara baadaye

Kusanya ufutio wote na uuweke mezani kwako. Mtoto akiwa na ufutio mkononi, anafuta kosa, anaandika upya, kisha anajipa duara lote, na wewe hujui alikuwa wapi. Leo kazi yote inafanywa kwa penseli ya rangi juu ya maandishi ya jana.

Nenda jambo moja moja, darasa zima pamoja:

Mambo. Kila mtoto apige mstari chini ya kila kitu anachoweza kukichora. Ahesabu mistari. Ndipo ajaze duara la kwanza.

Nukta. Hapa pana tatizo la kweli. Mtoto aliyeandika mistari mitatu bila kupumzika na kuweka nukta moja mwishoni ataamini ana sentensi moja yenye nukta yake, na kwa macho yake hajakosea. Kwa hiyo wasome wawili wawili. Mwenye kazi anasoma kwa sauti kama anavyozungumza, mwenzake anagonga meza kila sauti inapotua. Pakigongwa, mwenye kazi anatazama: nukta ipo? Ikiwepo anaizungushia. Isipokuwepo anaweka kimstari kidogo. Kisha anajaza duara la pili.

Herufi kubwa. Wazungushie herufi ya kwanza ya kila sentensi, si kila herufi kubwa wanayoiona. Waambie hivyo wazi. Wengi watazikimbilia herufi za majina ya watu na wanyama na kuzihesabu.

Ukiwa na darasa kubwa, wanaosoma wawili wawili watapiga kelele. Gawa kwa safu: safu mbili wanasoma na kugonga, zilizobaki wanapiga mistari ya "Mambo", kisha wabadilishane.

Utajua inaenda sawa ukitembea kati ya madawati na kukuta alama za rangi ndani ya maandishi kabla ya duara lolote kujazwa. Duara lililojaa juu ya ukurasa usio na alama hata moja ni kubahatisha. Usibishane na mtoto huyo kuhusu duara, mwambie tu, "Nionyeshe."

## Hatua ya 7: "Nionyeshe" na kurekebisha kitu kimoja

Huwezi kuzungumza na kila mtoto kila siku, na si lazima. Chagua sita au saba kwa kila kipindi na uzunguke ili kila mmoja afikiwe kwa zamu. Mazungumzo yawe mafupi na yaanze na neno moja: nionyeshe.

Nikupe mfano mmoja kwa ukamilifu. Mtoto aliandika hivi:

> Paka wetu anaitwa Simba. ana mkia mrefu anakunywa maziwa nampenda sana

Alijaza "Mambo" lote, "Nukta" nusu, na "Herufi kubwa" lote. Nukta alikuwa sahihi kabisa: mwenzake aligonga meza mara nne, na nukta ilikuwa moja. Herufi kubwa alizungushia P ya "Paka" na S ya "Simba", akasema ziko mbili.

Nilianza na lile alilolipima kwa usahihi, kwa sababu mtoto akiona amegundua kosa lake mwenyewe na wewe umekubali, hana tena haja ya kujitetea. Nikamwambia, "Umeona nukta zimepungua, na kweli zimepungua." Kisha nikasema, "Nionyeshe mambo yako matatu."

Akagusa "mkia mrefu". Akagusa "anakunywa maziwa". Akagusa "nampenda sana".

"Hilo la mwisho utalichoraje?"

Akakaa kimya kidogo. "Nitamchora mimi nimembeba mgongoni, mwalimu."

"Nionyeshe mgongo wako kwenye sentensi."

Akatazama ukurasa, akacheka, akachukua penseli ya rangi na kuongeza chini: *Jioni nambeba mgongoni.* Aliweka na nukta. Duara halikuhitaji kubadilishwa tena, kwa sababu sasa mambo yalikuwa matatu kweli.

Herufi kubwa sikuigusa siku hiyo. Kanuni ya kurekebisha ni kitu kimoja. Mtoto anachagua duara moja lisilojaa, au wewe unamsaidia kulichagua, na analifanyia kazi kwa penseli ya rangi hapohapo. Mtoto akiambiwa arekebishe vyote, ataandika upya kwa uchovu na kuzalisha makosa mapya. La herufi kubwa nililiandika kwenye daftari langu, na wiki iliyofuata nikafanya na kikundi cha watoto waliochanganya herufi za majina na za mwanzo wa sentensi.

Usikose kurekebisha. Kadi inayoishia kwenye kujaza duara inawafundisha watoto kwamba kujipima ni kupaka rangi. Bora ufupishe hatua ya 6, upime jambo moja tu, lakini pabaki dakika tano za kurekebisha.

Tofauti ikitokea kati ya duara lako na lake, usilifute lake. Chora lako pembeni kwa penseli ya kawaida. Pengo kati ya hayo mawili ndiyo habari unayoihitaji: linakuonyesha ni jambo gani halijaeleweka, na mara nyingi utakuta ni watoto kumi wenye pengo lilelile.

## Kadi ileile kwa mchoro

Kwa darasa ambalo kuandika bado ni kazi nzito, anza na mchoro. Vya kugusa viko wazi zaidi, na mtoto anajifunza tabia ya kutafuta kabla ya kujaza. Kwa "Mchore mnyama unayemjua", mambo matatu yangu ni haya:

1. Sehemu. Nimechora sehemu zote tulizozitaja. Zitajeni pamoja kwanza, ukutani: kwa kuku ni kichwa, mdomo, jicho, bawa, miguu, mkia. Mtoto anatia kidoti kwenye kila sehemu aliyoichora. Zote ni duara lote, baadhi ni nusu, na umbo lisilo na sehemu yoyote kati ya hizo ni tupu.
2. Mahali. Naonyesha mnyama yuko wapi: bandani, juani, chini ya mwembe. Kitu kimoja cha mahali ni nusu, viwili au zaidi ni duara lote.
3. Ukubwa. Nikiweka kiganja changu juu ya mnyama, naona sehemu zake zikitokeza. Kiganja chenye vidole vilivyobanwa pamoja kikimfunika mnyama mzima, ni tupu. Akitokeza upande mmoja ni nusu, pande mbili au zaidi ni lote. Hili ni la wale wanaochora mnyama kama punje kwenye kona ya ukurasa, na hakuna anayehitaji rula.

Usiweke "Mchoro wangu unafanana na kuku wa kweli." Watoto wa umri huu wana namna yao ya kuchora. Wanapiga mstari wa ardhi chini na kusimamisha vitu vyote juu yake. Wanamchora mtu wanayempenda akiwa mrefu kuliko nyumba. Wanachora nyumba na vitanda vikaonekana ndani kana kwamba ukuta ni kioo. Hayo si makosa ya kurekebishwa kwa kadi. Ukiyaweka kwenye vigezo, utapata watoto wanaosema "sijui kuchora" na kuanza kunakili kuku wa ubaoni.

Rangi pia iache nje, isipokuwa kila mtoto ana penseli za rangi za kutosha. Vinginevyo utakuwa unapima mfuko wa mzazi.

## Inapokwama

Wote wanajaza duara lote. Tazama kama kuna alama za rangi ndani ya kazi. Kama hazipo, rudi hatua ya 4 na sampuli mpya. Kama zipo, huenda kweli wote wamefika, na kadi imeshakuwa nyepesi.

Mtoto mmoja anaacha tupu kila wakati. Usimwambie "kazi yako ni nzuri." Mwambie, "Nionyeshe nukta moja." Akiigusa, mwulize, "Basi ni hakuna, au ni baadhi?" Aliyezoea kujishusha anahitaji ushahidi wa kidole kama yule anayejipandisha.

Watoto wanaandika kwa ajili ya kadi tu. Utaona sentensi tatu, nukta tatu, kila kitu kifupi: "Ana mkia. Ana miguu. Ana masikio." Vigezo vyote vimetimia na hakuna la kusoma. Kadi ina mpaka wake hapo. Badilisha kigezo cha kwanza kiwe: "Nimesema jambo moja ambalo mnyama wa jirani hana." Nalo linaguswa, na linawarudisha nyumbani kutazama.

Mzazi anauliza duara tatu ni alama ngapi. Mjibu kwamba si alama, wala haziingii kwenye ripoti. Siku duara litakapogeuzwa kuwa maksi, hakuna mtoto atakayejaza nusu tena. Kwa sababu hiyohiyo usibandike kazi ukutani kwa mpangilio wa duara zilizojaa, wala usiite majina ya "waliopata zote".

## Lini ubadilishe kadi

Jambo likijazwa lote na karibu darasa zima katika kazi tatu mfululizo, na wewe umelihakiki kwa "nionyeshe", liondoe. Wajulishe watoto kwamba sasa nukta hatuihesabu kwa sababu imekuwa mazoea yenu, kisha weka jambo moja jipya mahali pake. Mengine mawili yabaki. Ukibadilisha yote matatu kwa pamoja, unarudi kwenye sampuli tangu mwanzo.

Kwa kadi hii ya mnyama, kitakachofuata nukta kwa kawaida huwa ni neno: kila kitenzi kimeandikwa kama neno moja, "anakula", si "ana kula". Kabla ya kukiweka, fundisha wiki moja kwa vipande vya karatasi, watoto wakiunganisha "a", "na" na "kula" kwa gundi hadi waone ni neno moja. Kisha kigezo kiwe: "Nimezungushia vitenzi vyangu, na kila kimoja hakina pengo ndani."